Gemu Inajifunga Kwenye Kompyuta ya RAM GB 4: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu kompyuta yenye RAM ya GB 4, Windows 10 au 11 ya biti 64, na isiyo na kadi ya michoro ya peke yake. Gemu ya mfano ni Minecraft: Java Edition. Tumeichagua kwa sababu ikianguka huandika sababu waziwazi, na humruhusu mchezaji apange mwenyewe kiasi cha kumbukumbu itakachotumia. Sehemu ya kufunga programu na vichupo inafaa kwa gemu yoyote.

## Gemu inafunguka vizuri, nacheza dakika ishirini, kisha inajifunga ghafla. Mbona haikukataa tangu mwanzo?

Kwa sababu gemu haichukui kumbukumbu yote kwa mkupuo mmoja. Inapofunguka huomba kiasi kidogo, kisha huomba zaidi kadiri unavyotembea na ramani mpya inavyopakiwa. Kila ombi huenda kwa Windows, nayo hujibu ndiyo au hapana. Dakika zote hizo ishirini majibu yalikuwa ndiyo. Lilipokuja ombi ambalo Windows haikuwa na pa kulitoa, jibu likawa hapana, na gemu nyingi hazijui kuendelea baada ya jibu hilo. Zinajifunga papo hapo.

Ndiyo maana kuanguka hutokea unapoingia eneo jipya, unapobadili ulimwengu, au dakika ileile ambayo programu nyingine nyuma ya pazia imeamka kupakua sasisho. Gemu haina kosa jipya. Imekuta tu nafasi imekwisha.

## Nitajuaje kwamba ni kumbukumbu na si kosa lingine?

Anza na ujumbe wa gemu yenyewe. Katika Minecraft kuna jumbe mbili zinazofanana sana lakini tiba zake zinapingana, na hapa ndipo wengi hupotea.

Ujumbe wa kwanza ni huu:

```
java.lang.OutOfMemoryError: Java heap space
```

Maana yake ni kwamba gemu imemaliza kiasi ilichopangiwa, hata kama kompyuta bado ina nafasi. Kufunga vichupo hakutasaidia hapa. Punguza umbali wa kuona ndani ya gemu, au ongeza kiasi ilichopangiwa kama nafasi ipo.

Ujumbe wa pili unapatikana kwenye faili ambalo jina lake linaanza na `hs_err_pid`, ndani ya folda ya gemu, `%appdata%\.minecraft`:

```
There is insufficient memory for the Java Runtime Environment to continue.
```

Huu unasema kinyume chake: gemu ilikuwa bado na ruhusa ya kuchukua zaidi, ila Windows haikuwa na cha kuipa. Mwenye ujumbe huu ndiye anayepaswa kufunga programu nyingine kwanza. Akiongeza kiasi cha gemu, ataifanya ianguke mapema zaidi.

Kama gemu yako haiachi ujumbe wowote, iulize Windows. Fungua Event Viewer, nenda Windows Logs, kisha System, utafute tukio namba 2004 lenye chanzo Resource-Exhaustion-Detector. Likiwepo kwa saa ileile gemu ilipoanguka, umepata jibu, na ndani yake zimetajwa kwa majina programu zilizokuwa zimekula kumbukumbu nyingi zaidi. Mara nyingi kivinjari kimo.

## Kwenye Task Manager kuna namba nyingi. Nitazame ipi?

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua Performance, kisha Memory. Macho ya wengi hukimbilia asilimia, lakini asilimia haikuambii gemu itaanguka lini. Tazama palipoandikwa Committed. Hapo kuna namba mbili zilizotenganishwa na mkwaju, kwa mfano 4.3/5.4 GB.

Ya kwanza ni jumla ya kumbukumbu ambayo Windows imekwisha kuziahidi programu zote. Ya pili ni kikomo cha ahadi hizo, yaani RAM uliyo nayo ukijumlisha na faili la akiba lililo kwenye diski, `pagefile.sys`. Ya kwanza ikiifikia ya pili na faili hilo likawa haliwezi kukua, ombi linalofuata hukataliwa, hata kama wakati huo RAM yenyewe haijajaa kabisa.

Jirani yake utaona Hardware reserved. Hicho ni kiasi kilichotengwa kwa vifaa, hasa michoro iliyo ndani ya prosesa, na Windows haiwezi kukigusa. Kwa hiyo kompyuta iliyouzwa kama ya GB 4 huenda ikawa na GB 3.9 au pungufu za kutumia.

## Nipigieni hesabu ya mfano.

Tuchukue laptopu ambayo RAM yake inayotumika ni GB 3.9 na faili la akiba ni GB 1.5, nalo haliwezi kukua kwa sababu diski imejaa. Kikomo chake ni GB 5.4.

Imewashwa, imetulia dakika chache, hakuna kilichofunguliwa: Committed inasoma 2.4/5.4. Hiyo ni Windows na huduma zake. Sasa mwenyewe anafungua Chrome yenye vichupo 14 na WhatsApp ya kompyuta. Namba inapanda hadi 4.3. Zimebaki GB 1.1.

Minecraft imepangiwa GB 2 kwa mpangilio wa `-Xmx2G`. Lakini GB 2 hizo ni za ghala lake la ndani tu. Java yenyewe, maktaba zake na picha zinazotumwa kwenye kitengo cha michoro huongeza takribani nusu gigabaiti au zaidi juu yake. Tuseme jumla ni GB 2.6. Ukijumlisha 4.3 na 2.6 unapata 6.9, wakati kikomo ni 5.4. Gemu itafunguka, maana mwanzoni haiombi zote, na itaanguka njiani. Hilo ni la hakika, ni suala la muda tu.

Akifunga Chrome na WhatsApp kabla ya kuanza, hesabu inakuwa 2.4 na 2.6, yaani 5.0. Inapita, ila imebaki nafasi ya GB 0.4 tu, na sasisho moja la Windows linaweza kuimaliza. Akishusha pia mpangilio wa gemu hadi `-Xmx1536M`, gemu itahitaji kama GB 2.1, jumla ni 4.5, na inabaki GB 0.9 ya kupumulia. Hapo anaweza kucheza jioni nzima.

Namba zako zitatofautiana na hizi. Njia ya kuzipata ni hiyohiyo: soma Committed ukiwa hujafungua kitu, isome tena gemu ikiwa imechezwa robo saa, na tofauti ndiyo mahitaji halisi ya gemu yako.

## Kwa nini mnaanza na kivinjari na si programu nyingine?

Kwa sababu ndicho chenye faida kubwa kwa kazi ndogo. Chrome, Edge na ndugu zao hawaendeshi kurasa zote pamoja. Hutenganisha tovuti katika michakato mbalimbali, kwa ajili ya usalama na ili kichupo kimoja kikikwama vingine visianguke. Gharama yake ni kumbukumbu: kila mchakato hubeba mzigo wake wa msingi kabla hata ya kuonyesha herufi moja.

Vichupo havilingani. Ukurasa wa maandishi matupu huwa mwepesi. Barua pepe, mtandao wa kijamii unaoteremka bila mwisho na video ndiyo mizito, na huendelea kukua kadiri inavyoachwa wazi. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift+Esc. Litafunguka dirisha lake lenyewe la michakato, na ukibofya kichwa cha safu ya kumbukumbu utaona kichupo gani kinakula nini. Viongezi vilivyosakinishwa navyo vimo kwenye orodha hiyo, na wakati mwingine kimoja hushinda vichupo vitatu.

Kama unaogopa kupoteza kurasa zako, bonyeza Ctrl+Shift+D. Vichupo vyote huhifadhiwa kama alamisho katika folda moja, utavirudisha baadaye. Kisha funga kivinjari chote. Kubakiza dirisha moja tupu si sawa na kufunga, maana michakato ya msingi ya kivinjari inabaki pamoja na viongezi vyote.

## Nimefunga Chrome, lakini Task Manager bado inaonyesha ipo. Nifanyeje?

Imeruhusiwa kubaki. Fungua Settings ya Chrome, ingia System, uzime "Continue running background apps when Google Chrome is closed". Edge nayo ina mambo mawili katika System and performance: Startup boost, inayoipakia kabla hujaiita, na ruhusa ya kuendesha viongezi na programu baada ya kufungwa. Zima yote mawili. Watu wengi hawatumii Edge kabisa na bado wanailipia kwa kumbukumbu kila wanapowasha kompyuta.

Kwa siku ya leo, kabla mpangilio haujashika, unaweza kuikata kwa amri. Fungua Command Prompt, uandike:

```
taskkill /F /IM chrome.exe
taskkill /F /IM msedge.exe
```

Herufi `/F` inalazimisha, haiulizi. Maandishi uliyokuwa umeanza kuandika kwenye fomu yanaweza kupotea, kwa hiyo tuma au hifadhi kwanza.

## Baada ya kivinjari, nifunge nini, na nisiguse nini?

Tazama pembe ya chini kulia ya skrini, karibu na saa, ubofye mshale mdogo wa kuelekea juu. Ikoni zilizojificha hapo ni programu zilizo hai. Alama ya X kwenye dirisha mara nyingi huzisogeza tu huko bila kuzifunga. Bofya kila moja kwa kitufe cha kulia, uchague Quit au Exit. Programu za gumzo, za kulandanisha mafaili na vizinduzi vya magemu mengine ndio wakazi wa kawaida wa mahali hapa.

Kizinduzi cha Minecraft chenyewe nacho si chepesi. Kwenye Settings yake kuna "Keep the Launcher open while games are running". Ondoa tiki, nacho kitajiondoa gemu ikishaanza.

Kisha rudi Task Manager. Safu ya Memory katika ukurasa wa kwanza inaweza kukudanganya, kwa kuwa inahesabu tu kilichomo ndani ya RAM sasa hivi. Programu ambayo dirisha lake limefichwa tangu asubuhi itaonekana ndogo kwa sababu mzigo wake umehamishiwa diskini, na bado ahadi yake inahesabika kwenye kikomo. Fungua Details, bofya kichwa cha safu yoyote kwa kitufe cha kulia, chagua Select columns, uweke tiki kwenye Commit size. Panga kwa safu hiyo, ndipo utawaona walaji wa kweli.

Usimalize mchakato usioujua kwa sababu tu una namba kubwa. Ukilazimisha `csrss.exe` kufa, Windows yote inaanguka kwa skrini ya bluu. `dwm.exe` ndiyo inayochora madirisha, iache. Memory Compression ukiiona usiiguse pia: hiyo ni Windows ikibana kurasa ili zitoshe, yaani inakusaidia. Kinga ya virusi, Antimalware Service Executable, huwa nzito inapokagua diski. Subiri imalize ukaguzi ndipo ucheze.

Ili usirudie kazi hii kila siku, fungua ukurasa wa programu zinazoanza na kompyuta (Startup au Startup apps) na uchague Disable kwa usizozihitaji. Kuzizima hapo hakuziondoi. Utaweza kuzifungua mwenyewe ukizitaka.

## Kwa nini nifunge kabla ya gemu? Siwezi kufunga ikianza kuganda?

Unaweza, lakini umechelewa kwa njia mbili. Gemu ikianza kuganda, tayari Windows imeanza kuhamisha kurasa za kumbukumbu kwenda diskini, na baadhi ya hizo ni za gemu yenyewe. Ukifunga kivinjari wakati huo, RAM inapata nafasi lakini kurasa za gemu hazirudi zote mara moja. Hurudi moja moja kila zinapohitajika, na kila moja huleta mshtuko mdogo kwenye picha. Kwenye diski ya kuzunguka hali hii inaweza kuendelea kwa dakika kadhaa.

La pili ni baya zaidi. Ili ufikie kivinjari lazima utoke kwenye gemu kwa Alt+Tab. Tendo hilo huamsha vichupo vilivyokuwa vimelala, navyo huomba kumbukumbu wakati uleule ambao haipo. Gemu nyingi huangukia hapo hapo.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu: washa upya kompyuta, isubiri dakika tatu hadi tano itulie, funga vilivyoanza vyenyewe, soma Committed, ndipo ufungue gemu. Ukitumia Restart ni bora kuliko Shut down, kwa kuwa kwenye kompyuta nyingi Shut down huhifadhi sehemu ya mfumo diskini na kuirudisha vilevile, wakati Restart huanza upya kabisa.

## Nataka kusikiliza muziki au kufuata maelekezo ya video huku nikicheza.

Kwa GB 4, tumia simu. Kama hakuna simu, weka muziki kama mafaili na uyapige kwa kicheza muziki chepesi. Video ndani ya kivinjari inagusa kumbukumbu na pia inashindana na gemu kwenye kitengo kilekile cha michoro.

## Programu za kusafisha RAM kwa kubofya mara moja zinasaidia?

Hapana. Zinachofanya ni kuzilazimisha programu zitoe kurasa zao kwenye RAM, kurasa zikaenda diskini. Asilimia inashuka na mtu anafurahi, lakini Committed haishuki, kwa kuwa hakuna programu iliyofungwa. Zaidi ya hapo, msafishaji mwenyewe anakaa nyuma akila kumbukumbu yake.

Kiasi kilichoandikwa Cached kisikutishe. Hiyo ni nakala ya mafaili yaliyosomwa karibuni, na sehemu yake kubwa Windows huiachia mara tu programu inapohitaji nafasi.

## Rafiki kaniambia niandike `-Xmx4G` ili gemu isianguke tena.

Kwenye kompyuta ya GB 4 ushauri huo unaharibu. Unaipa gemu ruhusa ya kuchukua zaidi ya RAM yote iliyopo, huku Windows nayo ikihitaji yake. Java ikiona ina ruhusa kubwa, hulegea kusafisha vitu visivyotumika na huacha ghala likue.

Ingia Installations kwenye kizinduzi, chagua toleo lako, Edit, More Options, na katika JVM Arguments badilisha sehemu moja tu ya mwanzo iwe `-Xmx1536M`. Mengine yaache yalivyo. Kisha ndani ya gemu shusha Render Distance. Hapa kuna faida ambayo watu hawaikadirii, kwa sababu idadi ya vipande vya ramani hukua kwa mraba. Ukiwa na umbali wa 12, gemu hubeba mraba wa vipande 25 kwa 25, yaani 625. Ukiwa na 6, ni 13 kwa 13, yaani 169. Umepunguza umbali kwa nusu, na mzigo umebaki karibu robo. Simulation Distance iweke 5.

Ukikuta sasa unapata ule ujumbe wa Java heap space, umebana kupita kiasi. Panda hadi `-Xmx1792M`, ujaribu tena.

## Vipi kuhusu faili la akiba? Nimesoma niliongeze, na nimesoma pia nilizime.

Usilizime kamwe kwenye kompyuta ya aina hii. Bila hilo, kikomo chako kinashuka kutoka GB 5.4 ya mfano wetu hadi 3.9, na hata ukifunga kila kitu gemu itaishiwa nafasi njiani.

Windows ikiachiwa, hulikuza yenyewe inapobanwa, mradi diski C ina nafasi. Hapo ndipo penye kosa linalojirudia: diski imejaa, imebaki GB 1 au 2, faili haliwezi kukua, na mwenye kompyuta analaumu gemu. Kwa hiyo kabla ya lolote, hakikisha kuna angalau GB 10 wazi kwenye C.

Kama unataka kupanga mwenyewe, bonyeza Windows+R, andika `SystemPropertiesAdvanced`, kisha Settings chini ya Performance, Advanced, Change. Ondoa tiki ya Automatically manage, chagua Custom size, weka 4096 na 8192, bofya Set, uwashe upya. Namba hizo ni megabaiti.

Ila elewa mpaka wake. Faili hili linazuia kuanguka, haliongezi kasi. Kwenye SSD utahisi mikwamo midogo, na kwenye diski ya kuzunguka gemu inaweza kuwa hai lakini isichezeke.

## Nimefanya yote na bado inaanguka.

Isome Committed sekunde chache kabla ya kuanguka: iache Task Manager wazi pembeni na gemu ikiwa katika dirisha dogo. Kama kulikuwa na nafasi ya kutosha na hakuna tukio 2004, acha kusumbuka na kumbukumbu na ukague dereva wa michoro au mafaili ya gemu yaliyoharibika.

Kama nafasi ilikuwa imekwisha kweli, imebaki kuongeza RAM. Task Manager inaonyesha Slots used, kwa mfano 1 of 2, ikimaanisha tundu moja liko wazi. Angalia lebo kwenye kijiti kilichomo kabla ya kwenda dukani, hasa kwa laptopu za mtumba: DDR3L na DDR4 haziingiliani, hata pengo kwenye kijiti liko mahali tofauti, na laptopu iliyotengenezewa DDR3L ya volti 1.35 huenda isiwake ukiipa DDR3 ya volti 1.5. Baadhi ya laptopu nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao bila tundu lolote, kwa hiyo mwombe fundi afungue na kutazama kabla hujalipia kijiti.